Kadi ilisema nyinyi, simu ikasema wewe

Picha iliingia wasapu saa tano usiku, bila salamu wala maelezo. Kadi nyeupe ya harusi imelazwa juu ya kitambaa cha meza chenye maua, herufi za dhahabu zinajipinda kama hina ya kiganjani, na katikati kuna doa jeupe la taa lililomeza nusu ya mstari. Chini ya picha teyze, mama wa Kituruki aliyewahi kunikaribisha kwake, aliweka mioyo mitatu.

Nilikuwa bwenini Ankara, yeye yuko kwao Konya. Kituruki changu wakati huo kilikuwa cha sokoni: naweza kununua nyanya, naweza kuuliza basi, naweza kusema sitaki mfuko. Nasoma chuo kinachofundisha kwa Kiingereza, na hilo ndilo lililonidekeza.

Nikafanya alichofanya kila mgeni aliyewahi kupokea karatasi asiyoielewa. Nikaifungua programu ya kutafsiri, nikaipa ile picha, nikachagua Kiswahili.

Ikaniambia: "Tutafurahi kukuona wewe pia kati yetu katika siku hii ya furaha."

Nikafurahi. Nikaenda harusini peke yangu. Niliporudi nikaketi kuandika barua ya shukrani, na hapo ndipo nilipokwama kwa wiki sita.

## Watu wenyewe

Niliwajua kwenye sikukuu ya Kurban, Juni 2024, bweni lilipobaki na sisi wageni na paka. Mwenzangu mmoja wa darasani, Mturuki, alinipeleka kwa majirani wa kwao. Siku nne nikala, nikalala, nikafundishwa kukunja majani ya zabibu. Mama wa nyumba akaniambia nimwite teyze, yaani dada wa mama. Mumewe ni amca, na hili halikunisumbua hata kidogo, maana sisi wa Tanga tunaye ami, na ni neno lile lile limepita njia mbili.

Huyo mwenzangu ndiye angenisomea kadi. Lakini Septemba alishakwenda jeshini kwa mujibu wa sheria, yuko kwenye mafunzo ya mwanzo, simu imebaki kwa mama yake. Wenye kumbukumbu ya JKT mtanielewa.

Kwa hiyo tukabaki mimi, simu na lile doa la taa.

## Mistari mitatu

Sitaki kuisema vibaya programu. Tarehe ilisoma sawa: hina Ijumaa tarehe 27 Septemba, harusi Jumamosi tarehe 28. Majina ya wazazi wa pande zote mbili iliyaacha kama yalivyo, na ukumbi ikautaja. Kwa mtu anayetaka kujua aende wapi na lini, inatosha kabisa.

Ilinipotezea mistari mitatu tu.

Wa kwanza ni ule ulioliwa na doa. Kwenye simu ulitoka hivi: "Tunasubiri maonyesho yako." Nikadhani labda kuna desturi ya mgeni kutumbuiza. Nikaanza hata kujiuliza kama naweza kuimba kitu mbele ya watu mia tatu. Siku ya pili nikaikuza picha, nikaziandika herufi moja moja kwenye kamusi ya Kituruki iliyoko sozluk.gov.tr, nikijaribu hii na ile pale wino ulipofifia. Programu ilisoma *teşhir*, ambalo ni kuonyesha kitu hadharani. Kadi ilisema *teşrif*. Herufi mbili tu zimepishana. *Teşrif* ni kumpa mtu heshima kwa kufika kwake, na mzizi wake ni ule ule wa sharifu na tashrifu. Yaani: tunangoja mfike mtutukuze. Mstari huo ungesomwa kwenye kadi ya harusi ya Pangani usingemshangaza mtu.

Somo la kadi za dhahabu nililipata hapo. Wino unaong'aa ukipigwa picha na taa, herufi zinakatika, na mashine haikuambii kwamba zimekatika. Inachagua neno halisi lililo karibu na kilichobaki, na neno halisi halionekani kama kosa. Dalili ni moja tu: sentensi isiyo na akili katikati ya sentensi zenye akili.

Mstari wa pili ulikuwa pembeni chini, herufi tatu na namba ya simu: LCV. Programu iliziacha hivyo hivyo, nami nikadhani ni kifupi cha jina la ukumbi. Ni *Lütfen Cevap Veriniz*, tafadhali jibuni. Sikujibu. Siku mbili kabla ya harusi teyze akapiga simu mwenyewe, sauti ya mtu anayejikaza asiulize. "*Geliyor musun?*" Unakuja? Kumbe wanahesabu meza, na mimi ndiye pengo.

Wa tatu ni ule wa kwanza niliousoma, ule ulionifurahisha. Huo sikujua kama una kosa hadi harusi ilipokwisha.

## Meza ninayoijua

Konya kwa treni ya kasi kutoka Ankara ni kama saa moja na dakika arobaini na tano. Hina ya Ijumaa nisiseme sana: bibi harusi kafunikwa kitambaa chekundu, wanawake wanamzunguka na mishumaa wakiimba nyimbo za kumliza, na yeye hafungui kiganja mpaka mama mkwe aweke dhahabu. Niliwaambia kwetu pia harusi haiwi harusi bila hina, ila kwetu inachorwa na kwao inabandikwa donge katikati ya kiganja. Walinitazama kama mtu aliyewaletea habari ya ndugu aliyepotea.

Jumamosi ikaja chakula. Watu wa Konya wana mpangilio wao wa harusi na hawauvunji. Kwanza supu ya mtindi, *çorba*, ambayo ni shurba yetu. Kisha *pilav* yenye nyama, nayo ni pilau. Kisha *helva*, halua, ila ya semolina. Nikajua tumemaliza, maana halua ndiyo mwisho. Nikaweka kijiko.

Ikaja bamia.

*Bamya çorbası*, bamia ndogo kama ncha ya kidole cha mtoto, zilizokaushwa kwenye uzi, zimepikwa na nyama na ndimu hadi zikawa chachu. Baada ya halua! Na baada ya bamia, pilau ikarudi tena, na mwisho *zerde*, wali mtamu wa manjano. Mama aliyekaa kando yangu alinieleza kwa ishara: bamia inafungua tumbo upya. Nilikuwa najua jina la kila sahani mezani na sikujua hata moja itakujaje.

Kisha watu wakajipanga kuwatunza maharusi. Robo dhahabu, *çeyrek*, kisarafu cha gramu moja na robo tatu kilichoshonwa kwenye utepe mwekundu, wanakibandika kwenye nguo. Mimi sina robo dhahabu. Nilikwenda na doti ya khanga kutoka kwa mama, bibi harusi akaitandaza kipande kimoja mabegani juu ya shela, na hapo teyze akaniuliza swali ambalo ndilo lililonitia homa.

"*Annen nerede?*"

Mama yako yuko wapi? Nikajibu, Tanga. Akasema, najua Tanga, tulimwandikia na yeye.

## Nyinyi

Nilirudi bwenini nikaifungua ile picha tena. Safari hii sikuipa mashine. Nilikata neno kwa neno.

*Sizleri de aramızda görmekten mutluluk duyarız.*

*Siz* ni nyinyi. Huwa pia wewe wa heshima, kwa mtu mmoja. Lakini *-ler* ni alama ya wingi, na ikibandikwa juu ya *siz* kwa kawaida ni kundi: nyinyi nyote. Basi mstari unasema, tutafurahi kuwaona na nyinyi katikati yetu. Programu iligeuza nyinyi kuwa wewe.

Ilikuwaje? Kituruki kina wewe na nyinyi, Kiswahili kina wewe na nyinyi. Lugha mbili ambazo hazina hata sababu ya kugombana hapo. Mimi nadhani maneno yangu yalipitishwa kwenye Kiingereza katikati ya safari, maana Kiingereza kina neno moja kwa mtu mmoja na kwa ukoo mzima. Ukiingia pale na watu kumi, unatoka peke yako.

Nikaifungua na picha ya pili aliyonitumia, ile ya bahasha, ambayo sikuwahi kuipa programu kwa sababu niliona jina langu nikaridhika. Kwa kalamu, chini ya jina langu: *ve Ailesi*. Na familia yake.

Kuna kaka mmoja wa Mombasa anayesoma Konya mwaka wa sita sasa, anazungumza Kituruki hadi cha kugombana na dereva wa teksi. Nikamweleza. Akacheka.

"Sasa wewe dadangu, kadi zachapwa mia tatu. *Sizleri* ni ya kila mtu. Na *ve Ailesi* yaandikwa kila bahasha, hata ya mseja."

"Kwa hiyo hawakumwalika mama?"

Akanyamaza kidogo. "Sikusema hivyo. Nimesema ni desturi. Na kwetu pia si desturi? Ukipewa kadi imeandikwa 'na familia', wajua mwenyewe ni wangapi watakaokwenda."

Sikujua kama kanipoza au kaniwasha.

## Rasimu ya kwanza

Niliandika kwa Kiswahili kwanza, nikijua nitaigeuza. Mistari minne: Nawashukuru sana kwa ukarimu wenu. Chakula kilikuwa kitamu. Nilijisikia nyumbani. Mungu awabariki maharusi.

Nikaitia kwenye programu. Kisha, kwa kuwa nilishaumwa na nyoka, nikachukua Kituruki kilichotoka nikakirudisha kwa Kiswahili kuona kama kimebaki kizima. Wengi tunafanya hivi, na tunaona tumejilinda.

Kilirudi kizima. "Nawashukuru sana." Neno kwa neno.

Nilikuwa karibu kukinakili kwenye karatasi. Kilichonizuia ni kwamba nilishazoea kukata maneno, nikaona neno la kwanza la Kituruki ni *Onlara*.

*On-lar-a.* Kwao. Wale.

Barua ilikuwa inaanza kwa kumwambia teyze kwamba nawashukuru wao, watu fulani wengine.

Kosa ni la Kiswahili chetu, au tuseme ni mlango tuliouacha wazi. "Nawashukuru" inaweza kuwa nyinyi, inaweza kuwa wao. Sisi tunajua kwa kuangalia nani yuko mbele yetu. Mashine haina mtu mbele yake, ikachagua wao. Na niliporudisha, *onlara teşekkür ederim* ikawa tena "nawashukuru", kwa sababu hiyo ndiyo Kiswahili chake sahihi! Kosa liliingia kwa mlango ule na likatoka kwa mlango ule ule, likiwa limevaa nguo zangu. Kipimo nilichokiamini ndicho kilicholificha.

Dawa ni ndogo, na bibi yangu aliitumia maisha yake yote bila kujua kuna mashine: nawashukuru*ni*. Ile *-ni* ya mwisho inafunga mlango. Nilipoiweka, Kituruki kikatoka *Sizlere*.

"Kitamu" nayo ilitoka *tatlı*, tamu ya sukari. Nimsifu mtu bamia yake chachu kwamba ilikuwa na sukari.

## Sawa lakini baridi

Nikaitengeneza ikawa sahihi yote. Nikamtumia kaka wa Mombasa. Akajibu: "Haina kosa. Yafanana na ile karatasi ya hotelini, ya kujaza ulalaje."

Nikamuuliza basi wao wanasemaje.

Kumbe hawashukuru ukarimu. Kila kitu kina neno lake la kukirudishia. Kwa aliyepika, *eline sağlık*, mkono wako uwe na afya. Kwa aliyelipa, *kesene bereket*, baraka kwenye mfuko wako. Kwa aliyekusumbukia, *zahmet verdik*, tumewatia tabu, na hiyo *zahmet* ni zahama zetu zilizopoa kidogo. Kwa maharusi, *Allah bir yastıkta kocatsın*, Mungu awazeeshe kwenye mto mmoja.

Kuna moja niliitaka zaidi ya zote: *hakkınızı helal edin*. Nihalalishieni haki zenu. Nilipoisikia niliona nimefika nyumbani, maana sisi hatuagani bila kuhalalishiana.

"Usiiandike hiyo," akasema.

"Kwa nini? Si ndiyo yetu?"

"Ndiyo yetu, na yasemwa vile vile. Anayekwenda Hija huisema. Anayekwenda jeshini. Na imamu huwauliza watu mbele ya jeneza, mwamhalalishia marehemu? Waitikia *helal olsun*. Sasa teyze atoka kuoza mtoto, apokea barua ya mgeni amuomba amhalalishie. Atakupigia simu akuulize daktari kasemaje."

Wiki mbili nzima nilibishana naye kichwani. Niliona ananinyima neno pekee ambalo sikuhitaji kulitafsiri. Mwisho nilijiuliza kama mimi mwenyewe ningemwandikia hivyo shangazi wa Muheza baada ya harusi. Nisingemwandikia. Ningesema, tumewasumbua.

*Tume*wasumbua. Hata kama nilikwenda peke yangu.

## Barua

Hapo ndipo mkono ulipoanza kutembea. Nilikuwa naandika kama mtu mmoja aliyealikwa na kufika, kumbe wenzangu waliiandikia nyumba. Nikampigia mama Tanga, nikamsomea kadi upya kwa Kiswahili chake sahihi, mpaka na bahasha. Akauliza kwanza, "Kwa hiyo mie nilialikwa usiniambie?" Kisha akanipa maneno ya kupeleka.

Niliandika hivi:

*Sevgili teyzeciğim, kıymetli amcacığım,*
*Bana kendi kızınız gibi baktınız. Size çok zahmet verdik. Pilavı pişirenlerin eline sağlık, amcamın kesesine bereket. Davetinize zamanında cevap vermedim, kusura bakmayın. Annem Tanga'dan selam söylüyor, gelemediğine üzüldü, gelinle damada dua ediyor. Allah bir yastıkta kocatsın.*
*Ellerinizden öperiz.*

Yaani: mlinitunza kama binti yenu, tumewatia tabu sana, waliopika pilau mikono yao iwe na afya, mfuko wa ami uwe na baraka. Sikuujibu mwaliko kwa wakati wake, niwieni radhi. Mama anawasalimu kutoka Tanga, kasikitika hakuweza kuja, anawaombea maharusi. Mungu awazeeshe kwenye mto mmoja. Na ule mstari wa mwisho, tunawabusu mikono, ni wa mdogo kwa mkubwa, nami sikuona namna nyingine ya kuitia shikamoo ndani ya bahasha.

*Zahmet verdik*, tumewatia. *Öperiz*, tunabusu. Wawili.

Niliiandika kwa mkono, nikaipiga picha, nikampelekea kaka kwa mara ya mwisho. Akarudisha jambo moja: nukta. Kituruki kina *i* yenye nukta na *ı* isiyo na nukta, ni herufi mbili tofauti. *Kır* ni mashamba, *kir* ni uchafu. Mkono wangu ulikuwa umezoea kuweka nukta kila mahali, na *kızınız* peke yake ina tatu za kufuta. Nikaandika upya karatasi nzima, nikaipeleka posta.

## Jibu

Siku ya tano teyze akaandika kwenye wasapu. *Ne zahmeti kızım!* Tabu gani, binti yangu. Hiyo niliielewa mwenyewe. Chini yake mstari mmoja:

*Seneye annenle beraber gelin.*

Nilikuwa kwenye foleni ya chakula, uvivu ukanishika, nikaitia kwenye programu na kumtumia mama tafsiri kabla sijaisoma vizuri. "Mwaka ujao bibi harusi pamoja na mama yako."

*Gelin* ni bibi harusi. *Gel* ni njoo, na *gel-in* ni njooni.

Mama alikuwa ameshapiga simu mara nne, na ya tano alikuwa na shangazi wa Muheza pembeni, wanataka kujua huyo bwana ni mtoto wa nani.